Mawese Ndevuni

Wakati wa Wadachi, Maalimu Shomari wa Rumonge alifundisha mantiki, na hakushiba bila ubishi. Mukeke, samaki wa ziwani aliyepikwa kwa mawese na pilipili, alipopotea chunguni, alimsomea mkewe Zuwena mashitaka aliyoandika dhidi ya jirani yao Uledi: “Aliyekula mukeke wetu, vidole vinamnuka samaki. Vidole vya Uledi vinanuka. Basi kala Uledi.”

“Umeipanda ngazi kinyume,” Zuwena akasema. “Uledi mvuvi, hunuka kila siku. Ulinifundisha mwenyewe: sharti likithibiti, jibu linafuata, jibu likikanushika, sharti linaanguka. Aliyekula pilipili zangu, macho ni mekundu mpaka sasa. Ya Uledi meupe, basi hakula. Na mtu wa nyumba hii akiwa na mawese ndevuni, kala chungu hicho, maana kingine cha mawese hatuna.”

Maalimu akakubali kwamba hoja ni sahihi, kisha akajifuta ndevu.