Kona ya Mihogo ya Binti

Mimi ni mtu wa miguu kuwasha. Nikikaa kwenye kiti cha watu, goti linacheza lenyewe, na kazi niliyopewa na serikali ni kukaa kwenye viti vya watu. Ninazunguka kwa moto yangu, pikipiki ya kazi, mashamba ya upande wa Masako, ng'ambo ya mto Tshopo, namsalimia mkulima, namuuliza mazao yanaendaje, na shauri gani litamfaa. Watu wananiita agronome, hata watoto wao. Asubuhi ile nilikuwa na mashamba mengi ya kuona, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa msitu, na udongo wa barabara ile ukinyeshewa hata nguruwe anateleza.

Basi nikafika kwa mama mmoja mjane anayelima nyuma ya nyumba yake. Sijazima moto vizuri, tayari macho yako kwenye mihogo yake. Majani ya chini yalikuwa na manjano, imefuata mishipa ya jani kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Nikamwambia, "Mama, haya majani yameanza lini?"

Alikuwa amepiga magoti kando ya jiko lake la nje, anafunga fungu la miti ya mihogo kwa kamba ya msituni. Hakuinua kichwa.

"Aka! Hujalala, hujaamuka, hujaniona. Umeona majani."

Nikaona aibu, na hasira kidogo pia, maana mvua haingoji salamu. Lakini nikarudi mpaka kwenye moto, nikaanza upya kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto yangu. Habari ya kwako?"

"Muzuri. Batoto?"

"Beko bazima. Ule wa Basoko alipiga simu jana. Kaa."

Nikakaa. Goti likaanza. Akaniuliza mama yangu, bwana yangu, mtoto wangu aliyekuwa na kikohozi safari iliyopita. Nami nikamuuliza mgongo wake, kuku wake, na simbiliki, wale panya wakubwa wa majani, wanaokula mahindi yake. Ngurumo ikapiga upande wa msitu. Mwishoni nikapata nafasi ya kuuliza swali langu la kazi: "Mazao yanaendaje, mama, na leo shauri gani litakusaidia?"

Uso wake ukafunguka. "Sasa umeuliza muzuri. Nifundishe namna ya kufikisha hii miti Basoko, isikauke ndani ya mashua."

Akanieleza, ingawa habari yote tuliijua huku. Binti yake wa mwisho aliolewa Basoko mwaka uliopita. Tangu amefika kule anakula kwenye shamba la mama mkwe. Akitaka pondu, majani ya mihogo ya kupika, anaomba. Akitaka mizizi ya kutengeneza kwanga, mkate wa mihogo, anaomba. Sasa bwana yake amemkatia msitu, amechoma, mvua zimeanza, shamba linangoja. Na katika ukoo wa mama huyu, binti hapandi shamba lake la kwanza kwa mbegu ya ukweni. Siku ile uchumba unakubaliwa, mama anapanda kona moja kwa ajili yake. Majani ya kona ile kila mtu anachuma, lakini mizizi haiguswi. Mama anakata miti, anaipeleka mwenyewe, na akirudi na habari kwamba imepokelewa, ndipo kona inachimbwa na watu wanakula.

"Kesho niko na mashua," akasema. "Mama mukwe atakuwa kwenye bichi, pale mashua inafunga, ananingojea. Ataangalia mikono yangu kabla ya uso wangu."

Nilimpa shauri kwa furaha, maana hilo nalijua hata usingizini. Nikamwambia abebe miti mirefu, asiikate vipande mpaka siku ya kupanda. Aisimamishe kivulini, aifunge kwa majani mabichi ya ndizi, na mbali na injini. Aliitikia kila neno. Halafu nikainama kuangalia fungu lenyewe, na roho yangu ikashuka. Juu, karibu na ncha ambayo bado ilikuwa ya kijani, kulikuwa na michirizi ya kahawia.

"Mama, miti hii imetoka kwenye kona ile yenye majani ya manjano?"

"Majani ya chini ni wazee. Hata mimi nimeanza kuwa hivi. Pondu ya juu umeiona? Laini! Barabara yote inakuja kuomba kwangu."

Na alisema kweli. Huo ndio ubaya wa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mihogo inasimama mirefu, pondu inapendeza, kumbe chini inaoza kavu kavu, na ukikata mti ukaupanda mahali pengine umeupanda na ugonjwa wake. Nilimweleza hivyo. Nilimwambia kuna inzi wadogo weupe wanaouhamisha shamba kwa shamba, lakini anayeupeleka mbali, mpaka ng'ambo ya mito, ni sisi wenyewe na mafungu yetu. Nikamwomba tuchimbe mche mmoja tu.

"Hapana."

"Mmoja, mama."

"Kona haichimbwi kabla miti haijafika. Unataka binti yangu akose nini tena?"

"Atakosa kula! Atalima, atangoja, siku ya kuchimba atakuta uozo, na mama mkwe atasema mbegu ya kwenu ndiyo imeua shamba!"

Nilipiga kelele. Mama akaendelea kukaza kamba. Nikasimama, nikaenda mpaka kwenye moto, nikaiwasha, nikaizima. Nikazunguka jiko. Mwenye kona ni yeye, mwenye binti ni yeye, mimi nina nini? Nina mdomo. Nikarudi kukaa, kwa kukosa lingine, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

Sijui ni kukaa kwangu kulikomgusa au ni mvua. Alisimama, akachukua panga lake mwenyewe, akaenda kwenye kona bila kunialika. Nikamfuata. Alichimba pole pole, akanong'ona jina la binti yake kama anayeomba ruhusa, akatoa mzizi mnene, mzuri. Akaukata katikati, mbele ya pua yangu.

Mweupe. Mweupe kama maziwa.

"Eheee! Agronome!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Macho yako yameona majani, tumbo langu limeona mihogo. Kuja, sasa utakula. Kona imeshafunguliwa, na mgeni hawezi kuondoka na njaa."

Nilisema asante, na moyoni nilikuwa nimechemka. Najua mzizi mmoja hausemi habari ya kona nzima, wala upande mmoja wa mzizi hausemi habari ya mzizi wote. Lakini nani angenisikiliza tena baada ya kicheko kile? Mvua ikamwagika. Nikakaa chini ya bati nikipiga hesabu ya mashamba ambayo sitayafikia, na mama akakaa na beseni lake kumenya, anakata vipande vya sufuria, huku ananisimulia namna atakavyovaa kesho.

Kisu kikasimama.

Nilijua kabla sijageuka, maana aliacha hadithi katikati ya neno. Alikuwa amefika kwenye ncha nyembamba ya mzizi uleule. Ndani kulikuwa na doa la kahawia, kavu, gumu kama ukoko wa chini ya sufuria. Akakata tena. Doa. Akatupa kipande, akatoka kwenye mvua bila kitu kichwani, akachimba mche mwingine, na mwingine, anakata palepale na matope mpaka magotini. Nilimkimbilia nikamwita, "Mama, inatosha, mama!" Mizizi ilikuwa imeoza karibu yote. Kwa nje, hakuna mtu angejua.

Alikaa chini kwenye tope. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, mtu mzima na koti la serikali. Nilitaka kuwa nimekosea. Kweli, nilitaka anicheke tena.

Tulipokwisha kukauka kidogo karibu na moto wa jiko, nilisema yale ya kazi. Kwamba miche yote ya kona ing'olewe na kuchomwa, na sehemu za mizizi ambazo ni nzuri zitengwe na kuliwa mapema. Kwamba asimpe mtu mti hata mmoja. Kwamba binti aanze na mahindi na karanga, na mimi nitamtafutia miti safi kwenye shamba letu la mbegu, ingawa kwa sasa bado ilikuwa midogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niulize tena lile swali lako," akasema.

"Swali gani?"

"Lile la kazi."

"Mama, shauri gani litakusaidia?"

"Nifundishe namna ya kushuka kwenye bichi ya Basoko mukono mutupu."

Jambo hilo sikufundishwa popote. Mvua ilikuwa imepungua, njia ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yangu haikutaka kuondoka.

Akaliangalia fungu la miti, lililofungwa vizuri. Akaangalia mizizi kwenye beseni. Akachukua mmoja, ule wa kwanza, uliobaki nusu, akaugeuza geuza.

"Hii ikifika kule, inaota?"

"Mzizi hauoti, mama. Mti ndio unaota."

"Hauwezi kuleta ugonjwa?"

"Wasiutupe shambani, wauchome baada ya kuuona. Hapo hauna hatari."

"Bon."

Akalitia fungu la binti yake motoni, mti kwa mti, kwa sababu lilikuwa bichi na halikutaka kuwaka. Tulikaa na moshi wake muda mrefu.

Kesho yake nikaenda bichi. Sikuwa na kazi pale, nilishindwa tu kukaa nyumbani. Mashua ndefu ya mbao ilikuwa imejaa magunia, vitanda na mbuzi, na wamama wakigombania kivuli. Mama yule alikaa karibu na ubao wa mbele, amevaa vile alivyosema atavaa. Juu ya mapaja aliweka kitenge kipya alichonunua kwa kufungia miti, kimekunjwa mara nyingi juu ya ule nusu mzizi, kifungu kidogo kama cha mtoto mchanga. Jirani yake akamuuliza amebeba nini.

"Mbegu ambayo binti yangu hatapanda," akasema. "Amuonyeshe na mama mukwe yake."

Injini ikaanza kukohoa. Akaniona nimesimama kwenye matope, nikamwinulia mkono, na yeye akanipigia kelele juu ya vichwa vya watu:

"Unangojea nini hapo? Nenda kwa dada yangu, nilimupa fungu ya miti mwaka jana, ilitoka kwenye shamba ileile ya kona! Na umusalimie kwanza, unasikia? Usianze na majani!"

Nilifika kwa dada yake kabla jua halijawa kali. Toka kwenye moto niliiona mihogo, mirefu, na manjano chini. Nikainamisha macho.

"Jambo, mama," nikasema. "Umeamukaje?"