Walezi Watatu wa Mchikichini

Jasvanti, mhasibu mstaafu mzaliwa wa Kariakoo, ndiye aliyekuwa akiandika maombi ya ruzuku ya kituo cha kulea watoto wa wafanyabiashara wa soko la Mchikichini. Uzee haukumpunguzia ukali wa macho, na uongo uliovaa suti aliutambua tangu mlangoni.

Alipofika sehemu ya uendelevu, mkurugenzi wa kituo, Theophil, alikuwa ameshamwandikia: mfadhili akiondoka, serikali italipa mishahara yote ya walezi.

"Nani serikalini kakubali?" Jasvanti aliuliza.

"Mama, hiyo ni lugha tu ya maandiko ya miradi. Wote wanaandika hivyo."

"Na miradi yao iko wapi leo?"

Hata Theophil alikijua kisima cha wafadhili kule Jangwani, kilichokufa pampu ilipoharibika na kukosa mwenyewe.

Kesho yake Jasvanti akaenda halmashauri na Celina, muuza viatu na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Isidori, ofisa ustawi wa jamii, aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mishahara ya walezi siwezi kuwaahidi, mama zangu. Hakuna kibali cha ajira. Ila bili ya maji tunaweza kuiombea kwenye bajeti ijayo, na muuguzi wa zahanati tayari analipwa na serikali. Atakuja kupima watoto."

"Tupatie kwa maandishi, mwanangu, na sahihi ya mkurugenzi wako."

Kibarua kikabaki sokoni. Kwenye mkutano wa wafanyabiashara, Kitwana, muuza mitumba asiye na mtoto kituoni, alikuja juu: "Mie nichangie watoto wa wenzangu kwa lipi?"

"Kitwana," Celina alimjibu, "mteja wako akija, mtoto wangu akawa analilia chini ya meza yako, utauza?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Wakakubaliana mchango utoke pamoja na ule wa usafi wa soko, uanze mwaka wa kwanza na kupanda kila mwaka ruzuku inavyopungua. Uji na gesi vikabaki kwa wazazi wenyewe.

Lakini mchango haukutosha. Walezi walikuwa wanne. Soko liliweza kulipa watatu. Jasvanti alikaa na hilo jioni nzima, roho ikimuuma, kisha akaandika ukweli: ruzuku ikiisha, mlezi mmoja hatakuwa na wa kumlipa, na kituo kitapokea watoto wachache zaidi.

"Umetuua," Theophil alisema.

Mfadhili alituma maswali mengi kuhusu michango, akaomba barua ya halmashauri, akaipata, halafu akakubali.

Miaka ikaenda. Ruzuku ilipokwisha, mlezi wa nne alishapata kazi shule ya awali. Jasvanti alimtafutia mapema. Siku ya kwanza bila mfadhili, Theophil aliwahi kufika, bado haamini. Bomba lilitoa maji. Muuguzi alikuwa anampima uzito mtoto aliyegoma kushuka kwenye mzani. Theophil akamgeukia Jasvanti, akamwambia, "Shikamoo, mama," kama aliyemwona mara ya kwanza.

"Marahaba. Shika huyu, nikakoroge uji."