Garanti ya Miezi Mitatu na Shingo ya Kuku

"Huyu mutoto wa kambi ya wakimbizi? Hatamaliza hata mwaka. Atarudi Tanzania kupanga foleni ya unga." Hivyo ndivyo walivyosema pale mjini Baraka siku niliyoshuka na begi moja na diploma yangu ndani ya plastiki. Walisema sitapata kazi, sitapata chumba chenye sementi, na nyumba yangu mwenyewe nitaiona ndotoni.

Chumba nilikipata wiki ileile. Garanti ya miezi mitatu, ile amana anayoishika mwenye nyumba mpaka utoke, nilikopa kwa watu wawili: shemeji yangu, na mama mmoja muuza samaki wadogo, ndagala. Wote wawili waliniambia, "Siku utatoka mu hiyo nyumba, garanti ni yetu." Nikakubali.

Siku ya kuingia, mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye kucheka sana, alitaka tuandike tu "chumba ni kizuri". Mimi nimesoma. Niliandika hali ya chumba jinsi inavyotakiwa, ukurasa mzima: ufa juu ya dirisha, mlango usiofunga, funguo mbili, kuku mmoja mwekundu anayetagia pembeni. Tukatia sahihi wote wawili. Sijaona hati kamili kama ile mpaka leo, hata kule Fizi kwenye ofisi za wilaya.

Miaka ikapita, nikajenga. Matofali ya kuchoma, mabati mapya, jasho langu mwenyewe. Mfukoni hakikubaki kitu, lakini garanti ilikuwepo. Nilitoa preavi, taarifa ya kuhama, miezi mitatu kabla, kama mkataba ulivyotaka, kisha nikahama, nikaandika barua:

"Mama, kwa heshima naomba unirudishie garanti yangu. Preavi uliipokea na kuitia sahihi. Kodi nimelipa mpaka mwezi wa mwisho, risiti ziko humu. Ufa nimeuziba, mlango sasa unafunga, kuta nimezipaka chokaa, funguo zote mbili nimekurudishia."

Jibu alinipa kwa mdomo, barazani. "Baba, garanti si ulisha kula? Bapangaji bote banaikulaka mu preavi."

"Wao ndio wanakula, mama, wanakaa miezi ile bila kulipa kodi. Mimi nililipa. Tazama risiti."

Akazitazama moja moja, akanuna. Nikampeleka kwenye ofisi ya makazi. Ajenti wao, bwana mwembamba mwenye miwani, akaja kukagua chumba. Mpangaji mpya alikuwa tayari uani, garanti yake mfukoni, godoro kichwani. Pesa ile ndiyo ingenilipa mimi. Mama alishaitumia yangu kununua mabati.

Ajenti alisoma hati yangu, akigusa kila kitu. Ufa, hakuna. Mlango, mzuri. Funguo, mbili. Kisha akainua macho.

"Na kuku?"

Mama akashika kiuno. "Ehee! Kuku iko wapi? Alitia sahihi yeye mwenyewe! Arudishe chumba vile alikikuta!"

"Mama, kuku ulimpika wewe, siku ya Noeli!"

"Nani alikula?" akauliza ajenti.

"Mi na bageni," akasema mama. "Na yeye! Nilimutumia bawa."

"Si bawa," nikasema, kwa sababu ukweli ni ukweli. "Ilikuwa shingo."

"Bawa!"

"Shingo, mama! Na mchuzi kidogo!"

"Jameni," akaomba mpangaji mpya, "godoro inanichosha."

Ajenti akavua miwani, akaifuta polepole. Akasema kuku si sehemu ya nyumba, na aliyemchinja ni mwenye kuku. Garanti irudishwe yote. "Ila hii shingo," akaongeza, "mutasikilizana nyinyi wawili."

Mama akacheka mpaka akaketi kwenye kizingiti. Mpangaji mpya akahesabu pesa zake mkononi mwa mama, mama akazihesabu mkononi mwangu, ajenti akaandika, tukatia sahihi sote.

Mchana uleule nilivaa suti. Shemeji yangu nilimlipa mbele ya walewale waliosema nitarudi kupanga foleni. Muuza ndagala nilimkuta sokoni. Akapiga kigelegele, akanipa na kikombe cha ndagala juu. Hapo wengine wangelala. Mimi sibaki na deni, hata la shingo. Nilinunua kuku mzima, mwekundu, mnene kuliko yule wa kwanza, nikampeleka kwa mama.

"Baba," akasema, "ulikula shingo, unaleta kuku muzima?"

"Ni riba, mama."

Akamwachia uani. Kuku akatazama huku na huku, akaingia moja kwa moja katika chumba changu cha zamani na kuketi pembeni. Mpangaji mpya akatoka mbio.

"Mama! Hati yetu iko wapi? Ilete, niandike!"

Nikamkopesha kalamu yangu.