Kiondo Kisichobeba Chupa

Mimi hufunga vikapu vya zawadi Nyeri, na sheria yangu ni moja: kiondo changu hakibebi pombe, wala kitu kinachojifanya pombe. Watu huniita mshamba kwa ajili hiyo. Waendelee kuniita.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mwenye bucha anayeuzia mahoteli nyama. Kila Desemba aliagiza vikapu vya kuwapa wateja wake, na agizo lake ndilo lililonivusha mwaka. Siku moja akaja akifurahi. Mfanyabiashara wa Nanyuki, Mwislamu aliyekuwa akimuuzia ng'ombe kwa miaka mingi, alikuwa amemwalika nyumbani kwake chakula cha mchana. Alitaka kiondo cha kubisha hodi nacho.

Nilipanga mchele wa pishori kutoka Mwea, asali, majani ya chai, makadamia na keki ya matunda niliyooka mwenyewe. Zabibu za keki huziloweka kwenye chai ya rangi, si kwenye brandi, na arki ya vanila situmii kwa sababu nyingi huwa na spiriti. Yeye akatoa chupa kwenye mfuko wa koti. Divai, lakini iliyoondolewa pombe.

"Hiyo ni juisi tu, mama. Pombe imetolewa. Bila chupa, kiondo kinaonekana cha matanga."

Nilivaa miwani nikasoma maandishi madogo ya nyuma: pombe isiyozidi nusu asilimia. Nikamwonyesha. Akasema nusu asilimia haimleweshi hata kuku. Nikamwambia basi ampelekee kuku.

Afadhali niseme hasira hii ilitoka wapi. Baba yangu aliacha pombe nikiwa shule ya msingi, akakaa miezi minane mikavu. Kisha mgeni akaja na chupa, zawadi, imefungwa karatasi ya kung'aa. Kwetu zawadi ya mgeni hairudishwi, kwa hiyo mama aliipokea kwa mikono miwili akasema asante. Baba aliifungua jioni hiyo hiyo. Hakuacha tena mpaka tukamzika. Tangu hapo najua kwamba mwenyeji hana pa kukimbilia. Anayeweza kukataa ni yule anayefunga kikapu.

Mwenye bucha aliondoka amenuna, lakini bila chupa ndani ya kiondo. Siku ya safari nilipanda gari lake kwa kuwa nilikuwa na mizigo yangu ya kupeleka Nanyuki, na alinitaka niingie naye kwa wenyeji ili asionekane amekuja bila mwanamke. Tulipofika langoni nikaona shingo ya chupa imechomoza chini ya kitambaa cha kiondo. Alikuwa ameisukuma humo njiani, niliposhuka kununua maji. Niliichomoa nikaiweka kwenye kiti chake.

"Chagua," nilimwambia. "Chupa au kiondo. Vyote viwili haviingii hapa."

"Desemba usinitafute," akasema.

"Sitakutafuta."

Karo ya mwanangu ilikuwa ndani ya Desemba hiyo. Lakini aliingia na kiondo.

Wanaume walibaki sebuleni. Mke wa mwenyeji akanichukua jikoni, akatoa kitu kimoja kimoja akisoma kila karatasi, bila kunionea haya. Alipofika kwenye keki akauliza zabibu nimeziloweka kwenye kitu gani. Nikamwambia chai. Akanitazama kidogo, akakata kipande akala pale pale amesimama.

Ndipo akaniambia kuwa mwaka uliopita mnunuzi mwingine aliwaletea juisi ya zabibu, juisi kweli, ila kwenye chupa ya umbo la divai. Waliipokea kwa adabu. Jirani akaiona mezani. "Mpaka leo naeleza ilikuwa juisi," alisema. "Mume wangu hakumuuzia yule mtu ng'ombe tena, na hakumwambia sababu."

Tulipoaga, aliniletea kiondo kimejaa tende na kahawa yenye tangawizi, maana kule kama kwetu, chombo cha zawadi hakirudi kitupu. Alinikabidhi mimi, mbele ya mwenye bucha.

Barabarani nilimweleza yote niliyoambiwa jikoni. Chupa ilikuwa ikibiringika miguuni pake kila tulipokata kona, na hakuiokota. Tulipopita Naro Moru akanyoosha mkono kwenye kiondo kutafuta tende.

Nilikihamishia upande wa mlango.

"Hizi ni za mwenye kiondo," nikasema. "Wewe una chupa yako."

Desemba hakuja, na mimi sikumtafuta. Karo niliilipa kidogo kidogo, nikiuza keki za chai kanisani.