Friji la Lusahunga

Mke wa mlalamikaji hakutaka niketi. Nilipovuta kiti cha plastiki pale dukani kwao, Lusahunga, alikisogeza kwa mguu hadi ukutani akasema, "Hapa tunakaa watu tunaofahamiana." Polisi niliyekuja naye alikohoa. Nilisimama basi, na vifaa vyangu nikaviweka juu ya kaunta, kati ya mizani na katoni za sabuni. Nje malori yaliyotoka Rusumo yalikuwa yakipunguza mwendo kwenye njia panda, na kila moja lilitikisa bati la duka kidogo.

Nilikuwa nimekuja kusikiliza friji.

Kazi yangu ni kuchunguza sauti. Niko maabara, na kwa kawaida simu au diski huletwa kwangu ndani ya bahasha yenye lakiri. Watu wenyewe siwaoni. Safari hii hakimu wa Biharamulo aliamuru nifike mwenyewe mahali paliporekodiwa, kwa sababu mawakili walikuwa wakivutana na hakuna aliyekubali neno la mwenzake. Biharamulo nilizaliwa. Babu yangu alikuja kutoka pwani na kufungua duka la nguo mjini, na mpaka leo wapo wanaotuita watu wa kuja. Niliieleza mahakama hayo, nikasema pia kwamba sina udugu wala ugomvi na upande wowote. Hakimu aliridhika. Wenye kesi hawakuridhika.

Kesi ilikuwa ya ndugu wawili, mama mmoja baba mmoja. Kaka alikuwa na duka hilo na stoo nyuma yake, ya mahindi na maharage. Mdogo wake alilima ng'ambo ya barabara, na kwa muda mrefu walikuwa wakigombania mpaka wa shamba la baba yao. Jioni moja stoo iliungua yote. Siku chache kabla ya hapo, mdogo alikuwa amekuja dukani wakatukanana, na kaka alikuwa ameacha simu yake juu ya kaunta ikirekodi. Ndani ya rekodi hiyo mdogo anasikika akisema: "Nimechoka na maneno yenu, stoo nitaichoma moto."

Kwa maneno hayo akawekwa mahabusu.

Yeye alisema hakutamka hivyo. Alichosema, kwa madai yake, ni: "Nani kakwambia nimesema stoo nitaichoma moto?" Wakili wake akadai rekodi imekatwa na kuungwa. Kaka akaapa kwamba alirekodi mara moja, bila kusimamisha, na hakuigusa tena.

Watu hudhani mchunguzi wa sauti husikiliza maneno. Maneno ndiyo ninayoyasikiliza mwisho. Kila mahali pana kelele ya chini, ile inayobaki watu wote wakinyamaza: upepo kwenye bati, kuku, mvumo wa umeme, hata mchakacho wa kinasa sauti chenyewe. Hiyo haijui kama kuna kesi. Inaendelea tu chini ya mazungumzo, na ukikata mazungumzo unaikata nayo. Kwa hiyo natafuta pale inapobadilika ghafla, kisha najiuliza imebadilishwa na nini.

Katika rekodi ile nilipata sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa mapema: mvumo mzito uliokuwapo tangu mwanzo ulikoma, na chumba kikawa kama kimefunguliwa. Wakili wa utetezi alikuwa ameisikia hata yeye kwa masikio yake, na akaishikilia katika pingamizi lake lote. Ya pili ilikuwa kati ya "maneno yenu" na "stoo". Masikio hayakuipata kirahisi, kwa sababu pale nje lori lilikuwa likipanda mlima na kufunika kila kitu.

Ndiyo maana nilikuwa nimesimama dukani nikisubiri friji la soda lizime.

Lilizima. Lilijitikisa, chupa zikagongana, mvumo ukaisha. Niliirekodi kwa simu ileile, ikiwa imewekwa palepale juu ya kaunta, kisha nikasubiri liwake tena. Lilipowaka lilianza kwa mshtuko kama mtu aliyekanyagwa, ndipo mvumo ukatulia. Nilirudia asubuhi yote. Niliongea kwa sauti ya juu, nikanong'ona, nikanyamaza, kwa sababu simu nyingine hupunguza kelele zenyewe mtu anaponyamaza na kuziachia anapoanza kusema, na mchunguzi asiye mwangalifu ataziita hizo mkato. Simu hii ilifanya hivyo kidogo, taratibu, kwa namna niliyoweza kuitambua.

"Unarekodi friji," mke wa mlalamikaji alisema. "Mahindi ya watoto wangu yameungua, serikali imetuletea mtu wa kurekodi friji."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama. Sikukuzaa."

Mumewe aliingia akitokea uani, ambako mabaki meusi ya stoo yalikuwa bado hayajazolewa. Alinitazama, akamtazama polisi, akasema nipewe maji. Hakuna aliyeyaleta.

Siku ya kutoa ushahidi chumba cha mahakama kilijaa. Upande wa kaka ulikaa karibu na dirisha, upande wa mdogo karibu na mlango, na katikati, benchi la mbele, alikaa mama yao peke yake, amejifunga kanga mbili. Nilipopita nilimpa shikamoo. Alinitazama machoni, asiitikie. Nilizaliwa wilaya hii. Najua uzito wa shikamoo iliyoachwa hewani.

Wakili wa utetezi alianza kwa upole. Aliniuliza kama nimeona mabadiliko ya ghafla mapema katika rekodi.

"Nimeyaona."

"Kwa hiyo rekodi ilikatwa hapo."

"Hapana. Hapo friji lilizima."

Akaacha kutabasamu. Nilieleza: mvumo unaisha kwa mtikisiko na mgongano wa chupa, sawasawa na majaribio niliyofanya dukani. Upepo kwenye bati unapita juu ya mahali hapo bila kuguswa. Kuku aliyeanza kulia kabla anamaliza kulia baada. Rekodi ingekatwa hapo, vyote vingekatika pamoja.

"Shahidi, wewe ni mtaalamu wa sauti au fundi wa majokofu?"

Watu wa dirishani wakacheka. Kaka alipiga goti lake kwa furaha. Wakili aligeuka akamnong'oneza mteja wake, na yule kijana kizimbani akanitazama kama mtu aliyeuzwa.

Mwendesha mashtaka aliinuka akiwa amechangamka. "Basi, mheshimiwa, shahidi ametusaidia. Rekodi ni nzima."

"Sijasema hivyo," nikasema.

"Jibu ukiulizwa."

"Niulize, basi."

Hakimu alitukemea sote wawili, kisha akaniruhusu niendelee. Nilionyesha picha ya sauti kwenye skrini, ambako kila kelele huonekana kama michirizi ya mwanga. Friji likiwaka, huchora mistari iliyonyooka. Baada ya kuzima mistari inapotea, na mazungumzo yanaendelea bila mistari. Kisha lori linakuja, mngurumo wake unapanda, mdogo anasema "maneno yenu", na hapo hapo lori linatoweka. Halififii kama lori linaloenda zake. Linatoweka katikati ya kunguruma, pamoja na mwangwi wa neno "yenu" ambao ulipaswa kufa polepole kwenye kuta. Na katika nukta ileile mistari ya friji inarudi, yote, imekwisha kutulia, bila ule mshtuko wa kuwaka. Chini ya maneno "stoo nitaichoma moto" friji linavuma tayari.

"Friji liliwaka," mwendesha mashtaka alisema. "Umetuambia mwenyewe kwamba huwa linawaka."

"Huwaka kwa mshtuko. Hapa mshtuko haupo."

"Labda lori liliufunika."

"Lori halipo pia. Limeondoka kabla ya kupita."

"Simu haiwezi kupunguza kelele yenyewe?"

"Inaweza. Niliijaribu hii hii. Inapunguza taratibu, na haiwezi kufuta lori na kuwasha friji kwa wakati mmoja."

"Wewe ulikuwepo siku hiyo?"

"Sikuwepo."

"Ulimsikia mshtakiwa?"

"Nilisikia rekodi. Maneno hayo mawili hayakufuatana pale dukani kama yanavyofuatana ndani ya simu. Sentensi ya mwisho imetolewa wakati mwingine, friji likiwa linavuma, ikaunganishwa hapo."

Kaka alisimama. "Mwongo! Mwarabu mwongo wewe!" Askari walimkalisha. Mkewe alikuwa ameanza kulia kwa hasira, na mtu wa nyuma yake alinielekezea kidole akasema kwa Kisubi, lugha ya huko kwetu, jambo ambalo nililielewa vizuri, na ambalo sitaliandika.

Ndipo wakili wa utetezi akainuka tena, sasa akiniita "mtaalamu wetu". Aliuliza swali alilodhani ni la mwisho: "Kwa hiyo mteja wangu alisema, 'Nani kakwambia nimesema stoo nitaichoma moto?'"

"Sijui."

"Lakini umesema kuna kitu kimekatwa."

"Najua pamekatwa. Kilichokatwa hakimo. Kelele inaniambia mahali pa kiungo. Hainiambii maneno yaliyotupwa."

"Hata kukisia?"

"Hata kukisia."

Aliketi kwa kishindo. Nilitoka kizimbani nikiwa sina rafiki katika chumba kile.

Hakimu aliikataa rekodi. Ushahidi mwingine ulikuwa wa jirani aliyeona mtu gizani akikimbia kuelekea mashambani, na alipobanwa alikiri kwamba hakumwona uso. Mdogo akaambiwa hana kesi ya kujibu. Kuhusu rekodi, polisi walimchukua kaka kwa mahojiano siku hiyo hiyo, mkewe akimfuata nyuma ya gari hadi barabarani.

Nilidhani kijana aliyeachiwa angenipita tu. Alinijia chini ya ukuta wa mahakama nikisubiri usafiri, suruali yake imelegea kwa sababu mahabusu kulimkondesha.

"Ungesema neno moja," alisema. "Moja tu. Kwamba sikusema."

"Sikulijua neno hilo."

"Nimetoka kwa sababu ya friji. Kijijini watasema hivyo. Alichoma, friji likamtoa." Alitema mate pembeni, mbali na viatu vyangu lakini si mbali sana. "Bora ungebaki huko huko maabara."

Mama yao alikuwa nyuma yake, ameshikwa mkono na binti mmoja wa jirani. Nilijua sipaswi kuongea, lakini nilimwamkia tena. Safari hii alijibu, ingawa si kwa marahaba.

"Mmoja wangu umemfanya mwongo," alisema kwa Kiswahili cha polepole, kama anayechagua mawe. "Huyu umemwacha na moshi. Sasa mimi nikalale kwa nani?"

Aligeuka kwenda stendi, mwanawe akitembea mbele bila kumsubiri. Kama kijana yule alichoma stoo au hakuichoma, sijui mpaka leo. Ripoti yangu ningeiandika vilevile.