Kofia Yenye Nembo

Binti yangu hujaza upepo kwenye matairi katika kituo cha mafuta. Ana ualbino. Jioni akivua kepu ya kazi, natazama masikio yake kwanza. Siku moja yalikuwa mekundu, na la kushoto lilikuwa na kidonda kilekile cha mwezi uliopita.

Nikamsomea ujumbe ulioingia kwenye simu kutoka kundi letu la watu wenye ualbino na familia zao: "Paka losheni ya kuzuia jua nusu saa kabla ya kutoka, urudie kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu. Usisahau masikio na shingo. Kepu haitoshi, vaa kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kidonda kisichopona usikibahatishie dawa, nenda kliniki ya ngozi."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nimeuandika mimi."

Nilijua ni katibu wa kundi, lakini hilo sikulijua. Watu wanamshukuru huko, naye anaungua.

"Mbona mwenyewe huufuati?"

"Losheni napaka. Kofia pana ndiyo msimamizi hataki. Anasema bila nembo mimi ni mpita njia."

Kesho yake nilimpeleka kliniki. Wakakata kipande kidogo cha kidonda kwenda kukipima, wakatuambia tusubiri majibu. Tukapitia kituoni kuomba aruhusiwe kofia pana.

"Mama, sare ni sare," msimamizi akasema, yeye mwenyewe amesimama kivulini. "Nikimruhusu huyu, kesho mwingine atakuja na kilemba."

"Huyo mwingine ana kidonda sikioni?"

"Basi akae nyumbani apumzike."

"Nikae nyumbani nile nembo?" binti yangu akamuuliza.

Nikaomba basi ahamishiwe kwenye pampu, chini ya paa.

"Kwa macho yake hataona tarakimu za pampu."

"Nikisogea naziona, bosi. Hujawahi kunijaribu."

Akageukia gari lililoingia, kana kwamba hatupo.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikatoa shuka jeupe nikate kitambaa cha kushonea kwenye ile kepu. Binti yangu akalishika mbele ya taa.

"Unaiona taa? Basi na jua litapita."

Tukakata suruali nzito ya marehemu baba yake. Nikashona kipande kilichofunika masikio na shingo yote, nembo nikaiacha wazi mbele.

Msimamizi alipoiona, aliizunguka kama anayekagua gari la mitumba.

"Hii haimo kwenye sare. Nitauliza ofisini."

Mpaka leo anauliza. Binti yangu anaivaa, na majibu ya kliniki bado tunayasubiri.

Juzi aliongeza maneno kwenye ujumbe wake: "Wanaonyimwa kofia kazini, shoneni kitambaa kizito nyuma ya kepu. Lakini msiache kudai kofia kamili, na kazi ya kivulini."

Wenzake wakampongeza. Mimi nikaweka simu chini. Alikuwa amekaa mbele yangu, mashavu ambayo kitambaa hakiyafuniki yamemwiva kwa jua.