Meza za Soko kwenye Mstari wa Arobaini na Moja

Gazeti la chama chetu cha wauza maharagwe na unga, hapa Bunia, ni karatasi moja, mbele na nyuma. Sokoni watu wanasoma mistari ya juu tu. Saa nne karatasi imeshafungia karanga. Kwa hiyo sekretere aliponiletea la wiki ile nilisahihishe, nilihesabu mistari. Juu kabisa picha ya prezida wa chama na salamu zake. Kisha makiwa, harusi, salongo, ile kazi ya pamoja ya kufagia soko, mkutano. Mstari wa arobaini na moja: asiyeandikisha meza yake kwenye biro ya soko kufikia Jumamosi, meza itapewa mtu mwingine.

Nikahesabu tena. Arobaini na moja.

Sikuamini kwamba ni bahati mbaya. Meza iliyo jirani na yangu ni ya mama mjane aliyekimbia vita kwao Fataki, na hana kingine cha kumlisha. Iko pembeni, penye wateja, na shemeji wa prezida alikuwa akiizunguka kama inzi. Nikaenda biro, nikaomba kuona daftari la walioandikisha meza. Shemeji hayumo. Prezida hayumo. Hayumo hata mmoja wetu. Ama hawana hatia, ama ni wajanja kunishinda, na hilo la pili sikulipenda.

Nikampelekea prezida karatasi niliyoipanga upya.

"Mama, weye umeniweka wapi?"

"Nyuma, papa prezida. Mistari miwili."

"Kumi."

"Mitatu, na picha inabaki."

"Kubwa?"

"Ya pasipoti."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Na hizi meza huku juu, nani alikutuma?"

"Jumamosi ndiyo ilinituma."

Sekretere, aliyeketi kando yake, akaruka: "Wafu chini ya meza? Watu watatulaani!" Kwetu gazeti halianzi bila makiwa. Alikuwa na haki nusu, nikamlipa nusu: matangazo ya kawaida yote yakakusanywa chini, kwenye kichwa kimoja, makiwa yakitangulia na salongo ikifunga, kila moja na siku yake na saa yake. Juu, kwa herufi nene: ANDIKISHA MEZA YAKO KABLA YA JUMAMOSI JIONI. Kisha wapi, ubebe nini, na utapoteza nini usipoenda.

Jumatano tukaligawa. Jumamosi foleni ya biro ilifika getini. Mama wa Fataki alikuja na gazeti ndani ya kitenge. Mwenzake alikuwa amemsomea kichwa tu, ikatosha. Akatia kidole gumba kwenye daftari.

Nyuma yake, baada ya watu wawili, alisimama shemeji wa prezida.

"Karani, ile meza ya pembeni iko wazi?"

"Iko na mwenyewe," karani akajibu bila kuinua kichwa.

"Aa, nilikuwa nauliza tu. Nimekuja kuandikisha ya kwangu."

Hana meza.